Mteja anaomba punguzo kubwa wakati bei mlishapatana: umjibuje?

Swali: *Mimi ni fundi seremala, niko Dar es Salaam. Nilipatana na mama mmoja nimtengenezee makabati ya jiko, ya chini na ya juu, pamoja na kaunta ya granaiti, kwa sh. 6,500,000 kazi nzima. Advansi kanipa 3,500,000. Zimebaki 2,000,000 mzigo ukifika kwake na 1,000,000 kazi ikiisha. Bodi nimeshanunua na kukata, granaiti bado. Jana kaniandikia: "Fundi, nimepata mtu wa kunifanyia kwa 4,500,000, naomba na wewe unifanyie hiyo hiyo." Gharama zangu zote, ukiacha ujira wangu, ni 4,300,000. Ni mtu mzima, tunaheshimiana, na ameshaniletea wateja wawili. Nimjibuje bila kumkosea na bila kufanya kazi bure?*

Jibu: Kabla hujaandika neno lolote, piga simu kwa mchonga granaiti umwambie asianze. Jiwe likishakatwa kwa vipimo vya jiko hilo halirudishwi dukani, na mpaka sasa ndiyo sehemu kubwa ya gharama ambayo bado iko mikononi mwako. Lolote utakalokubaliana na mama litategemea sana kama jiwe hilo limeshakatwa au la.

Halafu kaa na karatasi. Milioni mbili katika sita na nusu inasikika kama theluthi hivi, na ndivyo mteja anavyoiona: anakuachia theluthi mbili nzima, si umebaki na nyingi? Lakini hiyo theluthi haitoki kwenye bodi wala kwenye granaiti, maana wenye maduka hawatakurudishia kitu. Inatoka yote kwenye zile 2,200,000 zilizobaki baada ya gharama, ambazo ndizo mshahara wako, kodi ya karakana, visu vya mashine na akiba ya kurudi kurekebisha mlango utakaolegea. Ukitoa 2,000,000 unabaki na 200,000 kwa kazi ya wiki kadhaa. Usimpelekee mama hesabu hii. Ni yako, ili ujue kwamba bei aliyoitaja haiwezekani kwa kazi ile ile, na usije ukateleza kwenye simu.

Na huko kuteleza ndiko kunakowaumiza mafundi wengi. Mtu anaona aibu kumkatalia mtu mzima, anasema sawa, kisha anaanza kutafuta pa kufidia. Rafu zilizobaki zinatoka kwenye bodi ya milimita 16 badala ya 18. Mlango mrefu uliopita kama sentimita 90, unaotaka bawaba tatu, unapewa mbili. Kingo zilizokatwa kwa ajili ya sinki zinaachwa wazi bila kuzibwa. MDF ikinywa maji inavimba na haisinyai tena, kwa hiyo baada ya miezi michache kabati la sinki limetutumka, mlango unagusa sakafu, na mama anasimulia kwa wateja wengine kwamba kazi yako ni mbovu. Punguzo atakuwa amelisahau. Kama unataka kumheshimu, mwambie ukweli mapema.

Sasa jibu lenyewe. Msingi wake ni mmoja: bei ya kazi hii haibadiliki, ila kazi yenyewe inaweza kubadilika. Mfuko wake ukiwa umepungua, mnapunguza kazi, na bei inashuka kwa kiasi kile ambacho wewe hutakitumia tena. Ukishusha bei na kazi ikabaki vile vile, umemwambia kwamba ile 6,500,000 ilikuwa na hewa ndani yake, na kuanzia hapo kila malipo yatakuwa na mjadala wake.

Siku ile ile aliyoandika, mjibu kwa ujumbe mfupi usio na namba:

> Shikamoo mama. Ujumbe wako nimeupata, na nashukuru umeniambia wazi. Naomba nipitie makubaliano yetu na hatua kazi ilipofika, kisha nikupigie kesho saa nne asubuhi tuzungumze. Kazi ya karakana inaendelea kama kawaida, ila oda ya granaiti nimeisimamisha kwanza mpaka tuzungumze.

Angalia kisichomo humo. Hakuna "nitaangalia", "tutaelewana" wala "usijali mama". Sokoni kwetu maneno hayo ni ahadi: anayeambiwa "nitaangalia" ameshahesabu kwamba kitu kitashuka, imebaki kiasi tu. Hakuna pia kuomba radhi kwa sababu ya bei. Radhi huombwa na aliyekosa, na wewe hujakosa. Sentensi ya granaiti inamwonyesha kwa adabu kwamba muda una uzito, bila kumtisha.

Kesho yake mpigie kweli saa nne. Simu hii si ya kujadili bei. Ni ya kujua kilichobadilika, kwa sababu ombi la kushushiwa bei baada ya kupatana huwa na chanzo, na dawa ya chanzo kimoja haiponyi kingine. Uliza swali moja kisha nyamaza: "Mama, kuna jambo limebadilika upande wako, au ni hiyo bei nyingine tu ndiyo imekushtua?" Watu wazima wengi hawapendi kusema hela imepungua, hasa kwa fundi, hivyo hujificha nyuma ya fundi wa bei rahisi ambaye wakati mwingine hata hayupo. Akianza kutaja ada za shule, msiba au malipo ya bati, umeshajua: shida ni fedha taslimu za mwezi huu, na huenda bei yako haina tatizo kabisa. Akitaja mtu, mahali na kazi aliyoiona, basi bei ya pili ipo kweli. Akisema "aa, nilikuwa najaribu tu kukuomba," kazi yako imekuwa nyepesi.

Kama bei ya pili ipo kweli, usimseme vibaya huyo fundi. Humjui, na ukimponda mama atamtetea. Msaidie kulinganisha kwa maswali anayoweza kwenda kuuliza mwenyewe: Hiyo bei ni pamoja na granaiti au kaunta iko nje? Bodi ni MDF au chipibodi, na unene wake ni milimita ngapi? Mgongo wa kabati upo, au ukuta ndio mgongo? Bawaba ni zile zinazojifunga taratibu au za kawaida? Kusafirisha na kufunga vimo? Mara nyingi tofauti ya milioni mbili huisha hapo hapo kwenye swali la kwanza, kwani mtu mmoja alihesabu jiko lenye jiwe na mwingine jiko lisilo na kaunta kabisa. Na kama baada ya maswali yote bei ile bado ni ya kazi ile ile, mwambie kwa utulivu kwamba wewe huwezi kuifikia. Kuna mafundi wenye gharama ndogo kuliko zako, na hilo halikufanyi uwe mwizi.

Baada ya simu, siku hiyo hiyo, mtumie ujumbe kamili wa maandishi. Simu inapoza mioyo lakini haikumbukwi sawasawa na watu wawili. Ili uandike njia mbadala zenye namba za kweli, lazima kwanza ujue ni nini bado kinaweza kuokolewa. Tuchukue kwamba zile 4,300,000 zako zimegawanyika hivi, nawe uweke za risiti zako: bodi 14 kwa sh. 110,000 ni 1,540,000, bawaba, reli, vishikio, skrubu na gundi 520,000, kukata na kubandika kingo kwa mashine 340,000, granaiti pamoja na kuifunga 1,250,000, usafiri 150,000, wasaidizi wawili 500,000.

Katika hizo, bodi na ukataji, yaani 1,880,000, zimeshakwenda. Hapa ndipo wateja na mafundi wanapopishana. Mama atasema, "Basi toa makabati ya juu, si nusu ya jiko hilo?" Kwa macho yake ni sawa kabisa. Lakini kama makabati ya juu yamekula bodi nne, vipande vyake vimeshakatwa kwa vipimo vya ukuta wake na hakuna mtu mwingine wa kuviuzia. Ukiyaondoa unaokoa siku moja au mbili za wasaidizi, basi. Ukimpunguzia nusu ya bei kwa kuyatoa, umejilipisha bodi za jiko ambalo hutalifunga. Mweleze hivyo hivyo, bila kuona haya: kilichokatwa hakishushi bei tena, kisichonunuliwa kinashusha.

Kisichonunuliwa au kinachoweza kurudishwa ni vitu vichache. Granaiti ndiyo ya kwanza: rangi zinatofautiana sana bei, na kuhamia rangi ya bei nafuu yenye unene ule ule kunaweza kuokoa, tuseme, 350,000. Muulize mchonga jiwe upate namba yake halisi kabla ya kuiandika. Ya pili ni bawaba, kama maboksi hayajafunguliwa na duka linakubali kubadilisha. Bawaba za kikombe, za kujifunga taratibu na za kawaida, kwa kawaida hukaa kwenye tundu lile lile la milimita 35, kwa hiyo hata kama milango imeshatobolewa unaweza kubadili bila kuharibu. Kwa jiko la bawaba 36, tofauti ya sh. 3,500 kila moja inatoa 126,000. Reli za droo ziendee polepole zaidi. Reli za ubavuni za kujifunga na zisizojifunga hukaa kwenye nafasi ileile ya kama milimita 12.7 kila upande, lakini zile zinazokaa chini ya droo zina vipimo vyake. Ukiwa umeshakata maboksi ya droo kwa ajili ya aina moja, usiahidi kubadili nyingine.

Sasa ujumbe. Huu unachukulia kwamba kwenye simu alikubali kuwa hela imebana kidogo, na bei ya pili haikuwa na granaiti.

> Shikamoo mama. Asante kwa mazungumzo ya leo asubuhi.
>
> Bei tuliyopatana ya sh. 6,500,000 niliihesabu kwa kazi tuliyoiandika: makabati ya chini na juu ya MDF ya milimita 18, bawaba za kujifunga taratibu, granaiti, usafiri na kufunga. Kwa kazi hiyo siwezi kushuka hadi 4,500,000 na nikakufanyia jiko la kudumu. Nimeona nikwambie mapema kuliko kukubali halafu nikupunguzie ubora bila wewe kujua.
>
> Kwa kuwa umeniambia mwezi huu umebana, naweza kukupa njia tatu, uchague itakayokufaa:
>
> 1. Kazi na bei zibaki kama zilivyo, ila baki ya 3,000,000 tuigawe: 1,500,000 mzigo ukifika, 1,000,000 maboksi yakishafungwa ukutani kabla ya milango, na 500,000 mwisho wa mwezi unaofuata.
>
> 2. Tubadili granaiti kuwa ya rangi ya bei nafuu na bawaba ziwe za kawaida. Bei inakuwa 6,024,000.
>
> 3. Granaiti uitafute na kuilipia wewe mwenyewe, mimi nifanye makabati tu. Bei inakuwa 5,250,000.
>
> Bodi zimeshakatwa kwa vipimo vya jiko lako, kwa hiyo sehemu hiyo haiwezi kupungua tena. Oda ya granaiti nimeishikilia hadi Ijumaa saa kumi jioni. Ukinijibu kabla ya hapo, tarehe ya kufunga inabaki ileile. Ukihitaji muda zaidi ni sawa, ila tarehe itasogea.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kukataa kwenyewe. Kumo mara moja tu, mwanzoni, kwa sentensi iliyonyooka. Fundi mwenye aibu hulificha katikati ya aya ndefu au hulizungusha kwa "kwa kweli hali ya soko, unajua dola imepanda, vifaa vimepanda". Mteja akisoma sababu tano huona milango mitano ya kubishania. Akijibu "lakini mbona dola imeshuka juzi," utajibu nini? Sababu moja inatosha, nayo ni kwamba bei ilihesabiwa kwa kazi fulani.

Kwa sababu hiyo hiyo sikukuwekea mgawanyo wa gharama zako ndani ya ujumbe. Ukimpelekea kwamba bodi ni 110,000 na usafiri ni 150,000, kesho atakwambia shemeji yake ana Kirikuu cha kubeba kwa elfu sitini, na kwamba bodi kaziona Buguruni kwa laki moja. Atakuwa anasema kweli, na mtakesha mkijadili bei za watu wengine. Mlichopatana ni bei ya kazi nzima, na hasara ikitokea ilikuwa yako. Kwa hiyo na ununuzi ni wako.

Namba zenyewe nimeziacha zikiwa 6,024,000 na 5,250,000, bila kuzikata ziwe za mviringo. Ukiandika "milioni sita" inasomeka kama kituo cha njiani kuelekea tano na nusu. Ukiandika 6,024,000 anajua kuna kitu kimetolewa na kuhesabiwa. Akiuliza, unamwonyesha: 350,000 za jiwe na 126,000 za bawaba.

Njia ya kwanza ndiyo ningetamani mama aichague, na imepangwa kwa mfuatano maalumu. Makabati yakishafungwa ukutani hayarudi karakana, na ukimaliza kila kitu huku ukidai milioni moja na nusu, umebaki na kumbembeleza mtu. Ndiyo maana fungu la pili linaingia maboksi yakiwa ukutani lakini milango, vishikio na droo bado ziko kwako. Hiyo ni hatua ya kawaida ya kazi wala haionekani kama kumbana. Vipimo vya mwisho vya granaiti navyo huchukuliwa baada ya makabati ya chini kufungwa na kusawazishwa kwa pimamaji, kwa hiyo ile 1,500,000 ya mzigo kufika inakuwa mkononi mwako wakati wa kumlipa mchonga jiwe. Hadi milango ikae utakuwa umepokea 6,000,000, ambazo zinafunika gharama zote na sehemu kubwa ya ujira wako. Ukimkopesha hiyo laki tano ya mwisho kwa mwezi, unakopesha faida, na hicho ndicho kiwango cha juu cha kukopesha. Usikopeshe kamwe hela ya wenye duka.

Njia ya tatu ina mtego, nao ni mpaka wa dhamana. Jiwe likinunuliwa na mama, nani anapima, nani anatoboa tundu la sinki, na likipasuka wakati wa kulipandisha nani analipa? Akiichagua, mwandikie sentensi mbili zaidi: wewe utasawazisha makabati na kuwa tayari kwa siku moja ya kupima pamoja na mchonga jiwe wake, lakini kupasuka, kupungua au kuvuja kwenye maungio ya jiwe hakumo kwenye dhamana yako. Usisahau pia kwamba ukishatoa granaiti unapunguza kile usichokitumia, yaani 1,250,000. Kama kwenye karatasi ya makadirio uliiandika granaiti peke yake kwa 1,500,000, mama atadai 1,500,000 zitoke, na hapo itabidi ukubali, maana ni wewe uliyeiandika. Kwa kazi zijazo andika bei kwa hatua: kutengeneza, kusafirisha na kufunga, kukamilisha. Usiiandike kwa kila kitu kimoja kimoja.

Tarajia wimbi la pili. Katika mila zetu za kununua, kuombwa tena baada ya kukataliwa si matusi. "Basi fundi, nitolee hata laki tano tu, mimi si mtu wa leo kwako." Hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu linakuja kwa mapenzi, nawe umechoka. Laki tano ni karibu robo ya 2,200,000 zako. Mjibu kwa mapenzi yale yale, bila namba mpya:

> Mama, najua wewe si mtu wa leo, na wateja ulioniletea siwasahau. Kwenye bei ile nimeshafika, njia zangu ni hizo tatu. Ila mabaki ya bodi yanatosha rafu mbili za stoo. Nitakutengenezea na kukufungia bila malipo siku ya kumalizia jiko.

Rafu mbili kutoka kwenye mabaki zinakugharimu saa chache na skrubu. Kwake ni kitu anachokiona kila siku, na bei haijaguswa. Fanya hivyo tu kama mabaki yapo kweli na umeyapima, maana ukiahidi rafu halafu ukaenda kununua bodi, umetoa punguzo la sh. 110,000 kwa njia ya kuzunguka. Na iwe mara moja. Ukiongeza zawadi kila anapoandika, umemfundisha aandike tena.

Kuna hali moja ambayo punguzo la fedha lina maana: akupe kitu cha fedha. Akisema yuko tayari kulipa baki yote 3,000,000 kesho, kabla mzigo haujatoka karakana, unaondokana na hatari ya kudai na unaweza kununua granaiti bila kukopa. Hilo lina thamani kwako. Kutoa 100,000 au 150,000 hapo ni biashara ya haki, mradi uandike sababu yake: "punguzo la 150,000 kwa kulipa baki yote kabla ya tarehe fulani, ikipita, bei ni ileile ya awali." Kupita hapo umeanza kulipa kwa mfuko wako.

Akisema anataka kusitisha kabisa na kumpa huyo mwingine, usimtishe na usikamate mali kwa hasira. Mwandikie hesabu ya mahali kazi ilipofika. Kwa mfano wetu: vifaa na ukataji 2,400,000, wasaidizi hadi leo 250,000, ujira wako wa kazi ya karakana iliyokwisha fanyika 1,000,000, jumla 3,650,000. Amelipa 3,500,000. Anabaki kudaiwa 150,000, nawe unamkabidhi bodi zote zilizokatwa, maboksi yaliyoungwa na vifaa vyote vya jiko lake. Mara nyingi mteja akiona kwamba hela yake imeshakuwa mbao zilizo kwenye vipimo vya ukuta wake, na kwamba fundi wa 4,500,000 atalazimika kuanzia hapo, hurudi mwenyewe kwenye njia ya kwanza. Asiporudi, mmeachana bila deni kubwa upande wowote. Ila hesabu hiyo iwe ya kweli, yenye risiti, na ujira usiupandishe kwa sababu amekuudhi. Hapa ndipo risiti zinatoka, kwa kuwa sasa mnagawana kilichotumika.

Njia yoyote atakayochagua, isiishie kwenye "sawa fundi". Mtumie mistari michache: tumekubaliana leo, tarehe fulani, kwamba kazi sasa ni hii, bei ni hii, umeshalipa hiki, baki italipwa hivi, na mengine yote yabaki kama awali. Mwombe ajibu "nimekubali", au msaini karatasi mbili ukipeleka mzigo. Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, lakini ugumu ni kuyathibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokewa kama ushahidi, kwa hiyo mazungumzo yenu ya Wasapu usiyafute, na yale ya simu yafuatishie ujumbe.

Na kuwa mwangalifu sana na maneno ya risiti. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, mtu anayedai anaweza kusamehe sehemu ya anachodai, na ukipokea pungufu huku ukikubali kwamba ndiyo malipo kamili, huna tena cha kufuata. Siku mama atakapokutumia 1,000,000 kwa simu akiandika "nadhani tumemalizana", usijibu "asante sana mama, nimepokea, ubarikiwe" na kuishia hapo. Jibu: "Asante mama, nimepokea sh. 1,000,000 ikiwa sehemu ya malipo ya jiko. Baki ni sh. 500,000, kama tulivyokubaliana, mwisho wa mwezi." Liandike siku ile ile hela inapoingia.